Ondoa Mkono

Mimi ni fundi cherehani, na mume wangu ni refa wa mpira wa meza. Ukitaka kujua uvumilivu ni nini, olewa na mtu mwenye filimbi mfukoni na kitabu cha sheria chini ya mto.

Mwaka ule fainali ya kina mama ya chama chetu cha wafanyakazi ilinikutanisha na wifi yangu, dada wa mume wangu, mkunga. Mshindi mmoja tu angekwenda kukiwakilisha chama kwenye mashindano ya kanda. Wifi alikuwa ameshakwenda mara nne. Kila akirudi hunivalia kofia ya mashindano sebuleni kwangu, tena ndani ya nyumba, jua hakuna. Mimi nina miaka hamsini na mmoja. Sikuwahi kufika hata kwenye lango la ukumbi wa kanda. Wiki nzima kabla ya fainali begi langu lilikuwa limeshafungwa, limefichwa nyuma ya mlango wa chumbani, na sikumwambia mtu.

Watu walinong'ona kwamba refa ni wa nyumbani. Mwenyekiti wa chama akawajibu kuwa mwenye cheti cha urefa ni mume wangu peke yake, na kati ya mke na dada, wote wake, atampendelea nani? Ukumbi ukacheka. Mume wangu hakucheka. Kazini huwa hacheki.

Mazoezi tulifanya nyumbani, kwenye meza yangu ya kukatia vitambaa. Tatizo langu la kwanza lilikuwa vidole. Fundi hashiki kitu kidogo kwa kiganja, anakidona kama pini. Nami nilikuwa naudona mpira kwa vidole viwili, na mume wangu ananizuia kila mara: kiganja wazi, mpira utulie juu yake, mimi nione umetulia, na mpinzani aone. Halafu urushwe juu wima, usizungushwe kwa vidole, upande angalau sentimita kumi na sita, ndipo uupige ukiwa unashuka. Eti sentimita kumi na sita! Nikamwuliza, sentimita unanifundisha mimi? Nikavuta futi kutoka shingoni, nikapima wavu. Sentimita kumi na tano na robo. Basi nikajua, mpira ukipanda kupita urefu wa wavu, nimemaliza. Na uwe nyuma ya meza, juu ya usawa wake, tangu mwanzo mpaka raketi iuguse.

Lakini neno alilonichosha nalo lilikuwa moja: "Ondoa mkono." Nikisharusha tu, ule mkono uliorusha utoke, usibaki kati ya mpira na wavu. Nikauondoa. Akarudia. Nikauondoa kwa kasi zaidi. Akarudia, mpaka nikamwambia mkono wenyewe ukiondoka zaidi ya hapo utabidi ulale hospitali. Akaenda kusoma kitabu chake.

Siku ya fainali nilivaa blauzi niliyoshona mwenyewe, ya kijani, mikono mipana inayoning'inia hadi chini ya kiwiko. Niliwaambia watu ni kwa ajili ya hewa. Nisiseme uongo: nilishaona kwenye kioo kwamba nikiinua mkono wa kushoto, kile kitambaa kinashuka kama pazia na mpira unapotelea nyuma yake. Nikafurahi kimoyomoyo. Nikajiambia, kitambaa si mkono.

Tukacheza seti nne, mbili kwa mbili. Katika seti ya kwanza mume wangu alinisimamisha, akasema hana hakika kama mpira ulionekana, tuurudie, na akanionya. Baada ya hapo nikawa nakunja kiwiko kidogo ili pazia lisishuke lote, mambo yakaenda. Lakini seti ya tano ilipofika tisa kwa tisa, zamu ya kuanzisha ikiwa yangu mara mbili, hofu ikanishika, nikarudisha pazia lote. Raketi ikasugua mpira kwa chini, wifi akapiga hewa. Nikanyanyua ngumi.

Mume wangu akanyanyua mkono wake. "Kosa. Pointi kwa mpokeaji."

Nilimwendea hadi kwenye kiti chake. Nikamwambia mkono wangu uliondoka, ukumbi mzima umeuona ukiondoka, labda yeye macho yake ndiyo hayakuondoka kitandani leo. Akanitazama vile anavyonitazama nikimwunguzia shati kwa pasi, kwa upole wa kuudhi.

"Huo uliondoka," akasema. "Mkono wa blauzi umebaki."

Jamani. Miezi mitatu ananiambia ondoa mkono, na mimi, fundi, ninayekata mikono ya nguo tangu asubuhi mpaka jioni, nikawa nafikiria nyama na mfupa tu. Akanieleza, sauti ya chini ila kila mtu anasikia, kwamba wifi anajua mpira utafanya nini kwa kuona raketi inavyougusa. Ikisugua chini, mpira utazama. Ikigonga tu, hautazama. Ukimficha pale, huyo hachezi tena, anabahatisha, na bahati nasibu haihitaji meza. Mwili, nguo, chochote kikimziba, ni kosa.

Tisa kwa kumi. Pointi moja tu na wifi anavaa kofia ya tano.

Niliomba dakika yangu moja ya mapumziko. Nikamwuliza mwenyekiti kama naruhusiwa kurekebisha nguo, akatikisa kichwa kukubali bila kujua anakubali nini. Nikatoa mkasi kwenye mkoba. Fundi hatembei bila mkasi. Nikaukata mkono wa kushoto begani, kraa, kitambaa cha bei nzuri, nikamtupia mume wangu mapajani.

"Nimeondoa," nikasema.

Ukumbi ulilipuka. Wifi alicheka mpaka akashika meza. Nami nikasimama pale bega wazi, nikaona aibu, halafu ghafla nikajisikia mwepesi, nikacheka na mimi.

Nikaweka mpira kiganjani, wazi kabisa. Nikaurusha, kila mtu akauona. Wifi akaurudisha kwa nguvu, nikazuia nimefumba macho, mpira ukagonga ukingo wa meza ukaanguka. Kumi kwa kumi. Zamu yake akaanzisha, nikarudisha fupi, akapiga wavuni. Kumi na moja kwa kumi, mpira kwangu.

Hapo nikamwangalia vizuri, nikaona kitu. Wifi alikuwa hautazami mpira. Alikuwa ananitazama mdomo. Kwa kufichwa kote kule, alikuwa amejifunza kwamba nikitaka kusugua chini huwa naung'ata mdomo, kama nakata uzi kwa meno. Kumbe pazia langu lilimfunza kusoma uso!

Nikaung'ata mdomo. Nikarusha juu, nikaondoa mkono, na mbele ya macho ya watu wote nikaugonga mpira tu, bila kusugua. Wifi akaunyanyua kama unaozama. Ukapaa, ukavuka meza, ukaenda kumgonga mwenyekiti kifuani.

Mume wangu alitangaza matokeo kwa sauti ya kazi, lakini kwa kile kipande cha kijani alikuwa anajifuta macho.

Jioni wifi alikuja nyumbani na kofia yake, akasema ataiweka mwenyewe kwenye begi langu, nisije nikaisahau. Akaenda chumbani kuchukua begi akidhani ni tupu, akaliburuta kutoka nyuma ya mlango, zito.

"Kumbe ulishafunga?"

"Wiki nzima," nikamwambia. "Kilichokuwa kimebaki ni mkono tu."