Njegere za Cecilia

Cecilia alishuka sokoni Morogoro na nusu gunia la njegere na hasira tele. Alfajiri ile, kijijini kwake Mgeta, mnunuzi wa lori alimtaka ajaze gunia lumbesa, lifurike mpaka lishonewe kofia juu, kisha akataja bei moja tu. Cecilia alipofungua mdomo, yule bwana alimkatiza: "Hili ni soko huria, mama. Hutaki, pisha wenzako."

Hakumwuliza hata jina. Cecilia akapunguza mzigo nusu, akaubeba akaondoka.

Sasa mteja wake wa siku nyingi, Martina, Mnyamwezi na kwa hiyo mtani wa Mluguru kama yeye, anayepika chakula cha wafanyakazi kule Kihonda, alikuwa amechuchumaa mbele yake.

"Mtani, kopo bei gani?"

"Mia tatu."

"Mia tatu? Njegere zimepanda basi la abiria? Nikupe mia na hamsini."

"Mia tatu. Hutaki, pisha wengine."

Martina hakuinuka. Alimtazama. "Leo umekula nini, mtani? Mimi nimekuja kununua, sijaja kufukuzwa."

Cecilia alisikia aibu ikipanda usoni. Maneno yale hayakuwa yake, yalikuwa ya yule wa lori. Akamsimulia yote, na Martina akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasonya.

"Mshenzi huyo. Sasa mimi nataka bei yangu. Mia na hamsini."

Cecilia alijikuta anacheka bila kupenda. "Kwa bei hiyo nitakupa maganda, ukawapikie Wanyamwezi wenzako."

"Maganda wanakula Waluguru. Mia na themanini."

"Pasua moja uonje. Zimechumwa jana jioni. Mia mbili na sabini."

Martina akapasua ganda, akatafuna, akajitahidi kukunja uso. "Tamu kidogo. Lakini mkono wako unalaza kopo, halijai." Akainuka, akapiga hatua mbili, polepole, akijua ataitwa.

"Rudi, mtani. Unachukua mangapi?"

"Matatu. Mia sita."

Chini ya mia mbili na ishirini kwa kopo, Cecilia asingerudisha hata nauli. "Mia saba na hamsini, kwa kuwa ni wewe."

"Mia saba, na nyongeza."

"Haya, lete."

Akapima makopo matatu, kila moja likiwa na kilima juu, na Martina akikinga kwa viganja zisimwagike. Kisha Cecilia akachota konzi mbili za nyongeza. Martina akanyoosha kikapu, akidai ya tatu.

"Hiyo ya tatu nenda kaombe kwenu Tabora," Cecilia akasema, huku akiitia kikapuni.

Martina akaondoka akicheka, kikapu kimemlemea. Cecilia akazifunga zile mia saba kwenye pindo la khanga. Hasira dhidi ya yule wa lori ilikuwa palepale, wala hakutaka iishe. Lakini mteja mwingine alipoinama kuuliza bei, alimjibu, "Mia tatu, kaka. Wewe unasemaje?"