Barua Yako Haikueleweka

Theodori, karani wa Ifakara, mkewe alikwenda kwao Mchombe kujifungua. Baba mkwe akaleta barua, mwandiko kama kuku kaparura. Theodori akajibu kama alivyozoea ofisini: “Barua yako haikueleweka. Andika upya.”

Miezi miwili, kimya. Kila siku posta, kila siku patupu. Shangazi Balbina alipoambiwa akafoka. “Umemwambia mkweo hajui kuandika. Kosa la kutoelewa ulibebe wewe.”

Akaandika tena, meno ameyauma: “Shikamoo baba. Barua yako nimeipokea, ila mimi mwanao sikuielewa vizuri. Naomba unieleweshe.”

Jibu halikuchelewa.

“Marahaba, mwanangu. Niliandika: mkeo amejifungua salama, njoo umpe mtoto jina. Tumekwisha kumpa.”