Mapigo Yaliyokataa Kushuka

Mwalimu Anaclet alikuwa anafika shuleni wakati watu wa mtaa wa Cimpunda bado wanapiga mswaki mlangoni. Bidii? Wapi! Aliogopa wanafunzi wamwone akipanda kile kilima, anavyosimama kila baada ya nyumba chache, ameshika ukuta wa watu, anahema. Daktari alishamwambia moyo wake umepanuka na kulegea, asijichoshe. Lakini préfet, mkuu wa shule, Maman Marie-Louise, naye alishamwambia aliporudi kutoka likizo ya ugonjwa: "Mwalimu, kama nguvu haiko, sema. Kuko kijana anangoja hiyo nafasi." Akajibu amepona kabisa. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, ila hawakusema watoto wake wanne watakula nini.

Siku hiyo, darasa la septième, yaani la saba, somo lilikuwa moyo na mapafu wakati wa mazoezi. Maman Préfet akaingia bila kubisha, akakaa benchi la nyuma. Ukaguzi. Anaclet akaendelea.

Akamwita Murhula, kijana mwenye miguu myepesi kama ya mbuzi, apande na kushuka jukwaa la saruji mbele ya ubao kwa dakika tatu. Aimée, binti mpole asiyekosea hesabu, akamshika mkono chini ya kidole gumba, akahesabu mapigo kwa sekunde kumi na tano, akazidisha kwa nne. Kabla ya mazoezi, sabini na mbili. Alipomaliza tu, mia moja na arobaini. Baada ya kupumzika dakika moja, mia moja na nne.

"Munaona?" Anaclet akasema, na kwa kweli alifurahi, maana somo hili alilipenda. "Misuli ikifanya kazi inataka oksijeni na sukari nyingi, na inatoa kaboni dioksidi nyingi. Kwa hiyo mapafu yanavuta hewa kwa haraka na kwa kina, na moyo unapiga mbio na kwa nguvu. Mishipa ya damu ya miguu inapanuka, ile ya tumbo inabana. Ndiyo maana ukijaza bugali kisha ukimbie, tumbo linagoma! Na ukipumzika, moyo wenye afya unaanza kushuka palepale."

Watoto wakacheka. Sauti ya Maman Préfet ikatoka nyuma, taratibu:

"Sasa wewe, Mwalimu. Fanya tuone na ya mutu mukubwa."

Mama wee! Maji yakamfika shingoni. Angekataa, angejifichua. Akavua koti, akapanda, akashuka, akapanda. Hata dakika ya pili hakuimaliza. Akasimama ameshika ubao, kifua kinapanda na kushuka, jasho baridi shingoni. Aimée akamshika mkono, akaandika ubaoni: mia moja na arobaini na nane. Dakika moja ikapita. Akashika tena, akakunja uso, akarudia.

"Mia moja na arobaini na ine."

Darasa likaangua kicheko. "Aimée hajue kuhesabu! Ya Murhula ilishuka, ya Mwalimu inabakia juu?"

"Nilihesabu muzuri," Aimée akasema. Machozi yalikuwa yanamlengalenga.

Maman Préfet akasimama. Hakuwa mwanamke mbaya. Usoni alionekana kama anayejuta alichoomba. "Mwalimu, pengine mutoto amekosea?"

Mlango wa kuponyoka ulikuwa wazi. Neno moja tu, *amekosea*, na kazi yake inabaki. Binti atalia hadi mapumziko, kisha atasahau. Anaclet alilitaka neno hilo kwa roho yake yote. Alifungua kinywa alitoe.

"Hapana," akasema. "Amehesabu vizuri. Andika, Aimée."

Akaandika, akageuka, kidevu juu sasa. "Mwalimu, basi kwa nini ya wewe haishuke?"

Anaclet akakaa kwenye kiti. Akajibu anavyojibu siku zote, polepole, ili wa nyuma wasikie. "Moyo ukidhoofika, kila pigo linasukuma damu kidogo. Ili damu iutoshe mwili, moyo unalazimika kupiga mara nyingi, na kutulia unachelewa. Damu inarundikana njia ya kurudi, mapafu yanalowana, mutu anakosa pumzi."

Maman Préfet akatazama dirishani. Aliyeelewa wa kwanza ni Aimée. Kidevu kikashuka. Akanyoosha kiganja, akaanza kufuta ile namba ubaoni haraka haraka, kama mtu anayefuta damu.

"Usifute, mwanangu," Anaclet akasema. "Mwalimu atakayekuja ataiuliza kwenye mtihani."