Shingo ya Ndani

Duka la mtandaoni lilikuwa na sharti moja: nguo ionekane imevaliwa, ila aliyeivaa asionekane. Mpiga picha akaona hilo ni dogo. Akalivisha sanamu la dukani gauni jipya lililoshonwa na dada yake, fundi cherehani, akapiga picha, kisha akakaa kwenye kompyuta akalifuta sanamu.

Likafutika vizuri. Pale shingoni pakabaki tundu jeupe.

"Mbona gauni langu limechinjwa?" fundi akauliza.

Mpiga picha, mdogo wake wa kike, akamweleza kwamba picha huwa mbili. Ya kwanza nguo iko kwenye sanamu. Ya pili nguo imepinduliwa, unaonekana upande wa ndani wa shingo ya nyuma. Hiyo ya pili huwekwa nyuma ya ile ya kwanza, tundu likazibwa na kitambaa chenyewe na lebo yenye jina la fundi. Ya pili ndiyo aliyoisahau.

"Si uipige?"

"Kaka yetu keshalibeba gauni. Kampelekea mkewe zawadi."

 Fundi na wifi yake hawakuwa wakisemeshana tangu wagombane juu ya nani akae na mama. Mama akabaki kwa fundi, ugomvi ukabaki kwa wote. Na kitambaa kile kilitoa gauni moja tu; cha kushonea wateja kilikuwa bado kuletwa.

Mpiga picha akaenda kwa wifi, akapokelewa vizuri. Akalipindua gauni, akalibana kwa pini kwenye kadibodi, akaweka taa upande uleule wa mwanzo na kamera kimo kilekile. Akachungulia. Mahali pa lebo palikuwa na vijinyuzi vilivyokatwa.

"Wifi, lebo iko wapi?"

"Ilikuwa inaniwasha."

"Laini vile?"

"Kitambaa hakikuwasha. Jina ndilo lililowasha."

"Basi nitaibandika kwa kompyuta."

"Umeshafuta sanamu zima, sasa unataka kutunga na lebo?" Wifi akafungua droo, akaitoa lebo, akatunga uzi kwenye sindano, akaishona.

Fundi aliitazama picha iliyokamilika kwa muda mrefu. Gauni lilisimama lenyewe, kifua kimejaa, ndani hamna mtu.

"Lebo imepinda."

"Naweza kuinyoosha hapahapa kwenye kompyuta."

"Nani kaishona?"

"Wifi."

Fundi akakuna shingo. "Mwambie alete gauni."

Wifi akaja amelivaa. Ikabidi fundi asimame nyuma yake, aikunje ile shingo nje, afumue, ashone upya.

"Usinichome."

"Ningetaka kukuchoma ningeshakuchoma."

Sindano ikaenda taratibu kuliko ilivyohitajika.

"Mama hula vizuri?" wifi akauliza, akitazama ukuta.

"Akibembelezwa. Mimi sijui kubembeleza." Fundi akakata uzi kwa meno. "Yuko chumbani, hajalala."

Wifi akaingia. Fundi akamfuata na kiti cha pili.

Mpiga picha akaituma ile picha dukani kama ilivyokuwa, lebo imepinda. Hakuna mnunuzi aliyeuliza.