Mitandio Iliyoanguka

Katika karakana ile walikaa wanawake wanane. Saba walifuma, na wa nane alikaa dirishani na kapu la aibu. Kapu la aibu ndilo lililopokea kila kilichoharibika, na mwenye kapu alikuwa na mdomo usiolala. Ukimpelekea kazi yenye kitanzi kilichochomoka alikushika mkono, akakupa pole kama aliyefiwa, kisha akauliza marehemu alikuwa anaitwa nani. Wenzake walimwita Daktari. Walicheka, maana hakuna aliyeweza kuirudishia nguo uhai kama yeye.

Walikuwa wakifuma mashali mazito ya mtindo wa brioshi. Brioshi ni kazi yenye deko. Kitanzi kimoja unakihamisha kwenye sindano ya pili bila kukifuma, na uzi unaulaza juu yake kama mtandio. Kinachofuata, kilichovishwa mtandio safu iliyopita, unakifuma pamoja na mtandio wake, vyote viwili kwa pigo moja. Safu ijayo vinabadilishana. Kitambaa kinatoka kinene, laini kama sponji, mbele na nyuma sawa. Wanafunzi wapya walihesabu kila uzi waliouona sindanoni, wakalia kwamba vitanzi vimezaana. Daktari aliwaambia, "Mwenye mtandio ni mtu mmoja. Au nyie mkijitanda mnakuwa wawili?"

Mmoja wa wale saba alikuwa mdogo wake Daktari wa tumbo moja, kitindamimba wa mama yao. Sindano alimshikisha yeye mwenyewe, tangu yule hajaota meno ya ukubwani. Kazi ya mdogo mtu haikuwahi kuingia kapuni. Kwa hiyo siku shali lake lilipoletwa, kitanzi kimoja kimechomoka na kuteremka chini kama ngazi, Daktari alifurahi kupita kiasi. Alitangaza msiba karakana nzima. Mdogo mtu alicheka naye, ila alicheka akitazama sakafu.

Daktari alichukua sindano ya kroshia akaanza kupandisha. Katika brioshi ngazi hupandwa vijiti, yaani nyuzi zilizolala wazi, viwili viwili. Kijiti cha kwanza ni mtandio: hakivutwi, kinakaa juu ya kroshia pamoja na kitanzi. Kijiti cha pili ndicho kinachovutwa kikapita ndani ya vyote viwili. Ukikosea ukavuta kila kijiti peke yake, nguzo hiyo ya vitanzi inakuwa nyembamba, na kila mwenye macho anajua palipopasuliwa.

Alipomaliza akageuza kitambaa, na mzaha ukamkauka mdomoni. Pembeni palikuwa na mitandio iliyoachwa, nyuzi zimelala nyuma ya vitanzi vyake, hazikufumwa navyo. Hapa mmoja, pale miwili. Katikati ya shali hapakuwa na kosa. Makosa yote yalikuwa mwisho wa safu, na kwa kuwa kazi hugeuzwa kila safu, upande huu yalikaa ukingo mmoja na upande wa pili ukingo mwingine. Mkono ulianza vizuri, ukafika mwisho umechoka. Akahesabu vijino vya nguzo, vile vitanzi vilivyopandana, kutoka sindanoni kushuka hadi kosa la kwanza: ishirini na vinne. Kijino kimoja ni safu mbili. Mdogo wake alifuma safu kumi na mbili kwa siku. Siku nne, basi.

Alimfuata kwenye beseni la kunawia, akamwambia amwonyeshe mkono wa kulia. Mdogo mtu alibisha kwanza, kisha akasema kidole gumba kimekufa ganzi. Mtandio hausikii. Akiutazama anaushika, akitazama pembeni unampita. Asubuhi hiyo hata kikombe kilimtoka mkononi.

"Twende hospitali," Daktari alisema.

"Tukimaliza oda. Dada, wewe unajua mlangoni kuna wangapi wanaotaka kiti changu. Nifichie tu."

Mficha maradhi kifo humuumbua: methali hiyo Daktari alikuwa ameshawasomea nusu ya watu wa mtaa, kila aliyekohoa. Kwa damu yake hakuisoma. Akamwambia kila mchana, wengine wakienda kula, amwachie shali.

Ikawa hivyo. Kila mchana aliteremsha nguzo moja moja hadi chini ya kosa, akapandisha upya, mtandio kwa kitanzi, akavuta kitambaa huku na huku mpaka vijino vikakaa sawa na vya jirani. Wiki ya kwanza alirekebisha mitandio mitano kwa siku. Wiki ya tatu ilikuwa kumi na tisa, na mingine ilikuwa imeingia hadi katikati ya safu. Alianza kukosa chakula. Wenzake walipomuuliza alijibu anafunga ili aingie kwenye gauni la harusi yake ya pili, bwana tu ndiye hajapatikana.

Wiki ya tano msimamizi, waliyemwita Mama Rula kwa sababu ya rula aliyotembea nayo, akasimama nyuma ya mdogo mtu na kulipima shali mbele na nyuma. Hakuona kosa. Alikuwa mtu wa sifa chache, lakini siku hiyo alisema kwa sauti kwamba hajaona mkono mtulivu kama ule. Blanketi kubwa, kazi ya miezi mitatu, atalifuma yeye.

Mdogo mtu aligeuka dirishani, uso unamng'aa. "Dada, umesikia? Mimi nimeshapona, naona. Ganzi inakwisha. Siku hizi sikosei hata."

Hakuwa anamdanganya mtu. Kila alasiri alikuta kazi safi, bila kuambiwa ni mitandio mingapi imerekebishwa, akaamini ni yake. Daktari alimtazama akiinuka kwenda kunywa maji, akaona mguu wa kulia unaburura kiatu.

Mchana ule hakutoa kroshia. Alichukua kipande alichofuma mdogo wake asubuhi, akafunga kiuzi chekundu kwenye kila mtandio ulioachwa. Vilifika arobaini na kimoja. Akakipeleka mezani kwa Mama Rula, akakitandaza, akaeleza yote, pamoja na wiki tano za kuficha kwa mikono yake mwenyewe.

Wengine walikuwa wanarudi kutoka kula. Mdogo mtu alikuta viuzi vyekundu mezani. Aliinua kitambaa, akakigeuza, akaona upande wa pili pia. Alichukua muda mrefu kukisoma. Alijua kusoma, alifundishwa vizuri.

"Wewe ndiye ulinifundisha kazi," alisema. "Na wewe ndiye umenichongea."

Mama Rula hakuwa mtu mbaya. Aliwapa teksi, na kesho yake kiti akampa mwingine.

Hospitalini mganga alimpa mdogo mtu penseli ashike. Ikaanguka. Akagonga goti, akasugua nyayo kwa ufunguo, akaagiza picha ya shingo. Picha ilipotoka alisema kuna kitu kinakandamiza uti wa mgongo, akauliza ilianza lini.

"Muulize huyo," mdogo mtu alisema, kageukia ukuta. "Ndiye aliyekuwa anahesabu."

Daktari wa karakana akamjibu daktari wa kweli: siku nne kabla hajajua, na wiki tano baada ya kujua. Mganga aliandika. Alisema watapasua, ili hali isiendelee. Mguu unaweza kutengemaa kidogo. Kuhusu vidole, ilikuwa inafaa waje mapema, na uti wa mgongo ukishaumia haushonwi upya.

Dada mtu alitafuta mzaha wa kumpa mdogo wake, hata mmoja wa ovyo. Badala yake alikaa pembeni ya kitanda, akauchukua ule mkono wa kulia, akaanza kubonyeza vidole kimoja kimoja, akiuliza kila mara, "Hapa je?"

Mdogo mtu hakuutoa mkono. Macho yalibaki ukutani.