Mlinzi Mwenye Ndala

Ofisini walimwita Jicho, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kumfundisha mlinzi wa kwenye gemu kuona. Na alimfundisha kweli. Macho ya mlinzi yalimulika mbele yake kama tochi: ukipita pembeni ya mwanga anashuku, ukiingia katikati umekwisha. Masikio pia alipewa. Ukikimbia kishindo kinafika mbali, ukinyata hakivuki mlango.

Tatizo, kila aliyeletwa kujaribu aliacha kwenye korido ya kwanza. Bosi, mama mpole asiyerudia neno, alisema anayefuata naye akiacha, kunyata kunafutwa na wachezaji wanapewa bunduki. Kazi ya mwaka mzima ingekwenda na maji. Jicho akaona heri amlete dada yake, mtu wa damu, labda atavumilia.

Dada alishika padi ya kuchezea, akakamatwa. Akarudia, akakamatwa tena. Akaiweka padi mezani.

"Huyu ananionea."

"Dada, umepita mbele ya macho yake waziwazi."

"Wazi kwa nani? Mimi hayo macho siyaoni."

Jicho akageukia skrini yake mwenyewe. Pale macho ya mlinzi yalichorwa kwa manjano, maana yeye huyawasha akifanya kazi, na hajawahi kuyazima. Mwaka mzima alikuwa anacheza gemu ambalo hakuna mwingine aliyelicheza. Aibu ikampanda hadi masikioni.

"Nikiwachorea, itakuwa rahisi mno," alijitetea.

"Nani kakwambia uchore? Tulipokuwa tunaiba sukari, tulijuaje mama anakuja?"

"Ndala. Alikuwa akiziburuta ukumbini."

"Basi naye mpe ndala."

Jicho akampa. Kisha akamfunza adabu: hata ukiwa puani pake, lazima kwanza asimame, akohoe, ageuze kichwa. Shaka ipande kidogo kidogo, na ukijificha ishuke. Akisikia kishindo aende kilipotokea, si moja kwa moja ulipo. Asipokuta mtu, atafute kidogo, kisha arudi zamu yake.

Bosi alikuja kusimama nyuma ya kiti. Ndala zikaburuzika, zikanyamaza. "Nani hapo?" mlinzi akauliza. Dada akajitupa nyuma ya pipa, anacheka peke yake. Mbele kidogo akaingiwa na tamaa, akakimbia, akakamatwa.

"Hilo nimejitakia," alisema, na kabla hajaambiwa akaanza upya.

"Bunduki tuziache," bosi akasema, akaenda zake.

Jicho alipumua kama aliyetua gunia. Alimsindikiza dada yake hadi mlangoni, na hapo dada akasimama.

"Unakumbuka mama alivyokuwa akija usiku kutufunika shuka?"

"Tulikuwa tunaona asubuhi tu kwamba tumefunikwa. Hatukuwahi kumsikia."

"Na ndala ni zile zile. Akitaka, hazikusikika."

Dada akaondoka. Jicho alibaki mlangoni akiwa ameshika kitasa. Miaka yote hiyo aliamini walikuwa wezi hodari.