Chumvi Nzito Kuliko Risasi

Mgeni alifika bila hodi, katikati ya kipindi, akiwa na begi begani na bahasha mkononi. Alisimama mlangoni mwa maabara kama mtu aliyekuta ndugu zake wanakula, akangoja akaribishwe. Mwalimu aliyekuwa mbele hakumwona. Alikuwa ameinamia sinia la gololi, na wanafunzi arobaini wamemzunguka.

Wanafunzi walimwita Madam Gololi. Miaka miwili alikuwa anafundisha pale kwa kujitolea, na miaka yote miwili alibeba gololi zake kwenye mfuko wa kitambaa.

"Tabaka la kwanza hili," alisema. "Kila gololi imezungukwa na ngapi?"

"Sita!"

"Haya, la pili nalilaza kwenye mashimo, siyo juu ya vichwa. Kila moja inakanyaga tatu za chini. Na juu yake nikiweka tabaka jingine?"

"Tatu tena!"

"Sita za pembeni, tatu juu, tatu chini. Atomi ya shaba ina majirani kumi na wawili, na hakuna anayeweza kumwongezea wa kumi na tatu. Ndiyo maana tunasema zimejipanga kwa kubanana kabisa. Katika nafasi yote, asilimia sabini na nne ni atomi. Zilizobaki ni hewa tupu, hata hewa yenyewe hamna."

Wakacheka. Akachora ubaoni kisanduku cha msingi, yaani mchemraba mdogo ambao ukiurudia juu, chini na kila upande, unapata fuwele nzima. Atomi pembe nane, atomi katikati ya kila uso. "Ya kwenye pembe inagawanywa na visanduku vinane, kwa hiyo kila pembe ni moja ya nane. Nane mara moja ya nane?"

"Moja."

"Za nyuso sita, kila moja nusu. Tatu. Jumla?"

"Nne!"

Hapo mwanafunzi mmoja mbishi wa dawati la nyuma akainua mkono. "Madam, kitabu kinasema upande wa kisanduku ni pikomita mia tatu sitini na mbili. Umetoka wapi?"

Madam Gololi hakuwahi kuulizwa hilo. Miaka yote upande ulikuwa unakuja umeshaandikwa. "Atomi mbili za pembeni zimegusana," akasema haraka. "Nusu kipenyo mara mbili."

"Nusu kipenyo ni mia moja ishirini na nane. Mara mbili ni mia mbili hamsini na sita."

Kengele ikamwokoa. Wanafunzi walipotoka ndipo akamwona mgeni mlangoni, na akajua kwamba ameona yote.

"Pole, dada," mgeni akasema kwa sauti ndogo. "Za pembeni hazigusani. Ya katikati ya uso ndiyo imezibana na kuzitenganisha. Zinagusana kwenye mshazari wa uso: pembe, katikati, pembe. Nusu kipenyo mara nne. Ukigawa kwa kipeuo cha pili cha mbili, mia tatu sitini na mbili yako hii hapa."

Hakuwa na kiburi hata chembe. Hilo ndilo lililomchoma Gololi zaidi. Mtu akikusahihisha kwa dharau utamchukia upoe. Akikusahihisha kwa upole, chuki yako inakosa pa kukaa.

"Asante," akasema. "Kesho nitawaambia nilikosea."

"Na mimi ukiona kosa langu, niambie kabla sijaingia darasani. Tuahidiane. Darasani ni kama jukwaani, mtu akianguka haamki."

"Nitakuambia."

Ahadi nyepesi, iliyotoka mdomoni kama salamu.

Ndani ya bahasha kulikuwa na barua. Mgeni naye alikuwa mwalimu wa kujitolea wa kemia, na ajira iliyokuwa inangojewa ilikuwa moja tu. Mkuu wa idara, mzee aliyeitwa Babu Asidi kwa sababu ya matundu kwenye koti lake, aliwaita wote wawili chumba cha walimu.

"Wanangu, mimi siwezi kumkata mtu katikati. Mkaguzi anakuja Alhamisi. Mada ni fuwele. Wewe Gololi utafundisha metali, huyu mwenzio atafundisha chumvi. Atakayemridhisha ndiye atakayeajiriwa. Mwingine tutamshukuru."

Gololi alilijua hilo neno. Kushukuriwa ni kufukuzwa kwa tabasamu.

Siku zilizofuata zilimtafuna. Mgeni, ambaye wanafunzi walishambatiza Madam Mpya, alikuja na machungwa na ndimu kwenye kikapu. Machungwa yalikuwa kloridi, ndimu zikawa sodiamu. "Tazameni," alisema, na Gololi alikuwa chumba cha pili akisafisha mirija ambayo ilikuwa safi tangu asubuhi. "Chungwa ni kubwa, ndimu ni ndogo. Ndimu inapata nafasi ya kukumbatiwa na machungwa sita tu: mbele, nyuma, kulia, kushoto, juu, chini. Na kila chungwa nalo lina ndimu sita. Ioni ya sodiamu ingekuwa nene kama ya siziamu, ile metali yenye atomi kubwa, ingepata majirani wanane."

"Sasa, Madam, kwa nini isipate kumi na wawili kama shaba?"

"Kwa sababu shaba wote ni ndugu, wanaweza kulaliana. Hapa ni ioni, zina chaji: hasi haitaki kumgusa hasi mwenzake. Nyumba ya wake wenza hiyo, lazima mume akae katikati."

Darasa lililipuka kwa kicheko. Baada ya somo wakayala machungwa. Nani angeshindana na mwalimu ambaye somo lake linamenywa? Yule mbishi wa dawati la nyuma, aliyekuwa anamfuata Gololi mpaka getini na maswali yake, sasa alikuwa anabeba kikapu cha Mpya.

Nyumbani shangazi yake Gololi alimtazama akichezea chakula. "Unakula au unahesabu punje?"

"Shangazi, hivi mtu anaweza kuwa mzuri kwa makusudi, ili akuumize tu?"

"Anaweza. Lakini wengi wao ni wazuri tu, na wewe unaumia kwa gharama zako mwenyewe."

Gololi alinuna. Alitaka kuambiwa kwamba Mpya ni mbaya. Usiku alipolala aliuona mpangilio wa wivu wake vizuri: yeye katikati, na kila upande aliogeuka alimkuta Mpya.

Alhamisi asubuhi Mpya alibandika bango lake nyuma ya ubao wa kusogezwa, akalifunika kwa gazeti, akaenda kunawa chaki. Gololi alilifunua. Hakujidanganya kwamba anaangalia usafi wa mwandiko. Alikuwa anatafuta kosa, kama mtu anayetafuta mchanga kwenye wali wa jirani.

Akaliona.

Mpya alikuwa amechora mchemraba mdogo wa ioni nane, sodiamu nne na kloridi nne, moja kila pembe. Chini yake, kwa wino mzito: upande ni nusu vipenyo vya ioni mbili, 102 jumlisha 181, yaani pikomita 283. Halafu: ndani yake kuna chumvi nne, Na nne na Cl nne. Nafasi ya hesabu ya mwisho, ya uzito kwa ujazo, ilikuwa imeachwa wazi, kwani Mpya alipenda kuipiga mbele ya darasa, papo hapo.

Gololi alichomoa kalamu. Uzito wa chumvi nne: 58.44 mara nne, gawanya kwa namba ya Avogadro. Ujazo: 283 mara 283 mara 283. Jibu likatoka gramu kumi na saba kwa kila sentimita ya ujazo. Risasi, ile metali nzito, ina kumi na moja na kitu. Chumvi ya mezani nzito kuliko risasi! Mkaguzi angeangua kicheko mpaka miwani imdondoke.

Chumvi nne ni za kisanduku kikubwa, chenye upande wa 566. Mpya alichukua mchemraba wa mtoto na idadi ya watu wa nyumba ya baba.

Akalifunika bango taratibu. Moyo, Mungu amsamehe, ulikuwa unacheza.

Mkaguzi alikuja, mwanamke mnene mwenye daftari jembamba. Gololi alifundisha kama hajawahi kufundisha. Aliwakumbusha wanafunzi kosa lake la wiki iliyopita, akawaonyesha kwa gololi kwamba za pembeni zimeachana. Mshazari, nusu kipenyo mara nne, upande 362. Atomi nne, kila moja 63.55, gawanya kwa Avogadro, gawanya kwa ujazo. "Nane nukta tisa!" darasa likapiga kelele, na mkaguzi akaandika mstari mrefu.

Walipewa mapumziko ya dakika kumi. Kwenye korido Babu Asidi alimpitia karibu, akanong'ona, "Mwanangu, umeua. Mwenzio asipofanya maajabu, kazi ni yako."

Asipofanya maajabu. Gololi alijua kuwa mwenzie atafanya kinyume chake. Hakuhitajika kusema uongo wala kumchongea mtu. Alihitajika kunyamaza dakika kumi tu. Nani angejua? Akajiambia kwamba ahadi ile haikuwa ahadi, ilikuwa maneno ya mlangoni. Akajiambia kwamba mwalimu mzuri hukagua hesabu zake. Akajiambia mengi, na yote yalikuwa na akili.

Mpya alitoka maabara akipepea uso kwa karatasi. "Dada, naogopa. Umefundisha vizuri mpaka nikatamani kukimbia nyumbani." Akacheka. "Nakuonea wivu, ujue? Tangu siku ya kwanza. Wanafunzi wakikosa jibu wanasema, tutamuuliza Madam Gololi."

Gololi akamtazama. Zilibaki dakika nne.

"Bango lako," akasema. "Upande na idadi haviendani. Hiyo 283 ni ya mchemraba mdogo. Ndani yake kila ioni imekatwa vipande vinane. Sodiamu nne mara moja ya nane ni nusu. Kloridi nayo nusu. Una nusu chumvi, siyo nne."

Mpya alisimama kama aliyemwagiwa maji. Midomo yake ikahesabu kimya. "Kumi na saba," akasema. "Mungu wangu. Risasi."

"Andika nusu, au weka 566 uache nne. Jibu ni lilelile, mbili nukta moja nne. Nenda, muda unaisha."

"Uliliona saa ngapi?"

"Asubuhi."

Mpya hakuuliza zaidi. Alimshika mkono, akaubana, akaingia.

Gololi alibaki koridoni, mgongo ukutani. Kupitia dirishani akamsikia Mpya akisema, "Wanangu, nimechora kosa hapa kwa mkono wangu. Kwa hesabu hii chumvi ingekuwa nzito kuliko risasi. Nani atanionyesha nilipojikwaa?" Mikono ikapaa. Yule mbishi wa nyuma akasimama, akaanza kuzikata ioni vipande vinane, pembe kwa pembe. Halafu kikasikika kicheko kizito cha mkaguzi, cha mtu aliyefurahi kweli, na kalamu yake ikaandika, ikageuza ukurasa, ikaendelea kuandika.